Ramani ya Karnaugh: kukusanya 1 au kukusanya 0?

Ramani hii hutumika kufupisha usemi wa mantiki ili geti ziwe chache. Chukua kitendakazi F cha vigeu A, B, C, D chenye 0 kwenye seli 0, 1, 2, 3, 4, 8 na 12. Zilizobaki ni 1. Panga safu mlalo za AB na safu wima za CD kwa mfuatano 00, 01, 11, 10, ili seli jirani zitofautiane kwa kigeu kimoja tu.

Zile 1 tisa zinafanya mraba wa 3×3, na hapa wengi hutamani kuuzungushia duara moja. Haikubaliki: kundi lazima liwe na seli 1, 2, 4, 8 au 16. Inabidi miraba minne ya 2×2 inayopandana:

`F = AC + AD + BC + BD`

Hiyo ni geti nne za NA na geti moja la AU lenye ingizo nne.

Zile 0 ni safu mlalo ya kwanza nzima na safu wima ya kwanza nzima, makundi mawili tu:

`F = (A + B)(C + D)`

Geti tatu zinatosha. Kosa la kawaida ni kusoma safu ya AB=00 kama `A'B'` na kuishia hapo. Hiyo ni sehemu ya F', yaani kinyume cha F; kila herufi igeuzwe, na kuzidisha kuwe kujumlisha. Jaribu 0101: jibu sahihi linatoa 1, lakini `A'B' + C'D'` inatoa 0.

Kwa `AB + CD` mambo hugeuka, 1 ndizo nafuu. Kwa hiyo mimi hutazama umbo la makundi kabla ya kuhesabu seli.