Tiketi ya mwanafunzi anayesubiri barua ya chuo: usidanganyike na "kubadilisha bure"

Mwaka jana nilimkatia mtoto wa dada yangu tiketi ya kwenda Bengaluru, India, kusomea uuguzi. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, mtihani wa kidato cha sita ameshamaliza, matokeo bado, na chuo kilikuwa kimempa barua ya awali tu. Nilijua kabisa tarehe inaweza kusogea, ndiyo maana nikaacha tiketi ya shilingi 1,040,000 na kuchukua ya 1,260,000. Kijana wa wakala pale Posta aliniambia kwa sauti ya upole, "Dada yangu, hii ukibadilisha tarehe ni bure kabisa." Nililipa nikaondoka na amani.

Tiketi ilikuwa ya tarehe 5 Agosti. Matokeo yakatoka Julai, tukayatuma chuoni, tukasubiri barua kamili. Mwisho wa Julai ikawa wazi kwamba hatuwahi, tukasogeza mpaka tarehe 22. Wakala akaniambia nilete 285,000. Barua ikaja tarehe 19 Agosti, viza bado, tukasogeza tena mpaka tarehe 4 Septemba. Safari hii 190,000. Tiketi ya "bure kabisa" ikanifikisha 1,735,000, na hapo sijahesabu 40,000 ya wakala kwa kila mabadiliko.

Tangu niisimulie habari hii, wazazi wengi wamenitumia malalamiko yanayofanana na yangu. Kwa hiyo hapa sitazungumzia mabegi, chakula wala viti. Hayo utayaona mwenyewe. Nataka tuelewane jambo moja linaloumiza watu: tofauti ya nauli.

Kinachosamehewa kwenye tiketi ya kubadilika ni penati, yaani faini ya kubadilisha. Nauli yenyewe haisamehewi. Ndege moja, daraja la kawaida, viti vinavyofanana, lakini shirika limevigawa kwenye mafungu yenye herufi, na kila herufi ina bei yake. Fungu la bei ya chini lina viti vichache na huisha mapema. Ukihamia tarehe mpya na fungu lako bado lina nafasi, mara nyingi unaongeza kidogo au huongezi kitu. Likiwa limejaa, unapandishwa fungu la juu na unalipa pengo lote. Sasa fikiria mwanafunzi anahamia lini: mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, wakati kila mwanafunzi mwingine naye anasafiri, tena anahamia siku chache kabla ya ndege kuruka. Hapo mafungu ya chini yameshaisha zamani.

Herufi yako unaiona kwenye tiketi, pale palipoandikwa "Class" au mwanzoni mwa kile kifungu cha herufi na namba kinachoitwa "Fare basis". Masharti nayo yapo, na wakala anayaona kwenye skrini yake hata kama hakuonyeshi. Mwambie akufungulie sehemu ya "Penalties" na asome nawe mistari mitatu: ya CHANGES, yaani kubadilisha, ya REFUND, yaani kurudishiwa pesa, na ya NO-SHOW, yaani kutotokea uwanjani. Mstari wa kwanza ukisema hakuna faini, muulize hapo hapo: leo hii, nikihamia tarehe 4 Septemba, naongeza shilingi ngapi? Ana uwezo wa kuiona hiyo bei kwa dakika mbili. Mimi sikuuliza, na yeye hakunyanyua mdomo.

Kuna hatua mbili ambazo zingeniokoa, na sasa nawaambia wote wanaonipigia.

Ya kwanza, kata tiketi ya tarehe ya mwisho kabisa ambayo mtoto anaweza kuondoka na bado akawahi chuo, usikate ya tarehe unayoitamani. Barua za vyuo huchelewa, ni nadra kuwahi. Juni ile ile, nauli ya aina hiyo hiyo kwa tarehe 4 Septemba ilikuwa 1,310,000. Naikumbuka kwa sababu niliitazama nikaona nimepunguza 50,000 kwa kuchagua Agosti. Ile 50,000 ikanigharimu 425,000. Mafungu ya chini ya Septemba yalikuwa bado wazi mwezi Juni, nami nikaenda kuyatafuta Agosti. Na usifikiri ukihamia siku ya bei ya chini utarudishiwa chenji, kwa kawaida huipati.

Ya pili, usisogeze kidogo kidogo. Kila ukisogeza unapimwa upya kwa nauli ya siku hiyo. Kama hujui tarehe mpya, omba nafasi ifutwe kabla ndege haijaondoka na tiketi ibaki wazi, bila tarehe. Mashirika mengi yanakubali kwa tiketi za aina hii, ingawa ni lazima uhakikishe kwenye masharti yako. Nafasi inakufa, tiketi inabaki hai kwa namba yake yenye tarakimu 13, na kwa kawaida muda wake ni mwaka mmoja tangu ilipokatwa. Barua ikitoka unachagua tarehe mara moja tu. Mimi ile safari ya tarehe 22 Agosti niliilipia bure, hakuna aliyepanda.

Hilo neno "kabla ndege haijaondoka" lishikeni sana. Ukilipita unaitwa NO-SHOW, na hapo hata tiketi nzuri inaweza kukupiga faini kubwa au kukosa thamani yote ya nauli. Na saa za Kiswahili zinatuponza. Tiketi ikiandikwa 05AUG 03:40, ndege inaruka saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 5. Yaani unatakiwa uwanjani tarehe 4 usiku, na mwisho wa kubadilisha ni huo huo usiku. Msomaji mmoja wa Tabata alikwenda kwa wakala asubuhi ya tarehe aliyoiona kwenye karatasi akidhani ana siku nzima mbele yake. Ndege ilikuwa imeshaondoka.

Sasa ukate kwa shirika gani kwanza? Kwa mwanafunzi wa Dar anayesubiri barua na anakwenda India, namba moja kwangu ni Emirates, tiketi ya Flex au Flex Plus, iliyokatwa moja kwa moja kwenye tovuti yao au ofisini kwao. Sifichi kwamba nawapenda. Kabla hujalipa wanakuwekea majina ya nauli sambamba, na chini ya kila moja unasoma gharama ya kubadilisha na ya kurudishiwa pesa kwa tarehe yako. Flex Plus ndiyo ya juu kwa uhuru, na kwa mtoto ambaye hata viza inaweza kukataliwa, haki ya kurudishiwa pesa ina maana kuliko haki ya kubadilisha. Sababu yangu kubwa zaidi ni wingi wa ndege: kutoka Dubai wanakwenda Mumbai, Delhi, Hyderabad, Chennai, Bengaluru na miji mingine ya India. Ndege zikiwa nyingi, uwezekano wa kukuta fungu lako lina nafasi siku jirani ni mkubwa. Tofauti ya nauli wanatoza na wao, ila unaiona mwenyewe kwenye skrini kabla ya kukubali, hata saa sita usiku.

Namba mbili naweka Ethiopian na Qatar kwa nauli zao za juu. Ethiopian wana njia nyingi za kwenda India na China kupitia Addis Ababa, na kwa anayekwenda Guangzhou au Beijing ningewatazama wa kwanza. Qatar wana mpango wa wanafunzi unaoitwa Student Club, wenye punguzo na mzigo wa ziada. Emirates nao wana nauli za wanafunzi. Ni vizuri, lakini zina kikwazo ambacho matangazo hayakisemi kwa sauti: zinadai uthibitisho kwamba wewe ni mwanafunzi, kitambulisho au barua ya chuo, na wanaweza kukuuliza pale kaunta. Mtoto wetu barua ndiyo anayoisubiri. Usikate nauli ya mwanafunzi kwa matumaini.

Air Tanzania inakwenda Mumbai moja kwa moja, na kwa mzazi anayeogopa mtoto kubadilisha ndege ugenini ni jambo kubwa. Haina ndege kila siku, kwa hiyo ukikosa nafasi siku moja unaweza kusubiri siku kadhaa. Kwa tarehe isiyojulikana naiweka ya tatu. Barua ikiwa mkononi, nitaipandisha.

Tiketi za bei ya chini kabisa, zile zenye NONREF kwenye karatasi, yaani pesa hairudi, ni za mtu mwenye tarehe ya uhakika. Kama huna uwezo wa zaidi, ni afadhali usikate kabisa. Kwa ajili ya viza mwombe wakala akuandikie nafasi tu bila kulipia, ukiwa umeuliza kwanza ubalozini kama wanaikubali, kisha ukate ikitoka.

Na hawa mawakala wetu, jamani, nina la kusema. Wako waaminifu, nawajua. Lakini wengi wanauza neno "bure" kwa mzazi ambaye hajawahi kupanda ndege, wanajua fika atarudi Agosti akiwa hana ujanja. Faini ikiwa imeandikwa kwa dola, wanaibadilisha kwa kiwango chao, siyo cha benki. Juu yake kuna "huduma" ambayo haikutajwa Juni. Halafu ukipiga simu kwa shirika lenyewe unaambiwa tiketi ilikatwa na wakala, rudi kwa wakala, na wakala Jumamosi mchana amefunga, ndege inaruka Jumapili alfajiri. Nilisimama nje ya mlango ule uliofungwa nikiwa na simu mkononi, binti yuko nyumbani Mbagala anaulizia kama afunge begi. Tulimpata kijana yule saa tatu usiku kwa namba yake binafsi, baada ya kumwomba mlinzi wa jengo. Ndiyo maana nasema kata moja kwa moja kwa shirika, hata kama wakala anakupunguzia 30,000.

Mdogo wa binti huyo naye mwaka huu yuko kidato cha sita na ameomba chuo Hyderabad. Tiketi yake nitaikata Juni, ya tarehe 6 Septemba, na barua ya chuo ikichelewa nitaifuta nafasi tarehe 4 na kuacha namba ya tiketi ikae wazi mpaka viza ibandikwe kwenye pasipoti.