Chupa mpya ya upanuzi kwenye silinda ya maji ya moto: uzoefu wangu

Nyumba ninayoishi hapa Uingereza ina silinda ya lita 180 iliyofungwa kabisa, yaani haina tangi la juu darini, bali inapokea maji ya bomba moja kwa moja kupitia vali inayoshusha presha hadi bar 3. Chupa yake ya upanuzi ya lita 18 nimeibadilisha, kwa sababu vali ya usalama ilikuwa ikidondosha maji kila silinda ilipopashwa moto, kisha inanyamaza maji yakipoa.

Kudondosha kwa namna hiyo ndiyo dalili ya kuitazama kwanza. Maji ya lita 180 yakipanda kutoka nyuzi 10 hadi 60 huongezeka kwa takriban lita 3, na kwa kuwa hayabanwi, lazima yapate pa kwenda. Ndani ya chupa kuna mpira unaotenganisha maji na upepo, na upepo huo ukiwa umejazwa bar 3, lita hizo zinapoingia presha hufika karibu bar 3.8 tu. Upepo ukishuka hadi bar 0.5, maji baridi huwa tayari yamejaza sehemu kubwa ya chupa, na lita zilezile 3 huipandisha presha kupita bar 6, ambapo vali hufunguka. Hapo vali inafanya kazi yake. Kubadilisha vali peke yake ni kupoteza fedha.

Fundi wangu, mwenye cheti cha silinda za aina hii kama kanuni za ujenzi za huku zinavyotaka, alifunga maji yanayoingia, akafungua bomba la maji ya moto hadi presha ikaisha, ndipo akapima kwa kipimo cha upepo wa tairi. Upepo ukipimwa huku maji yakiwa na presha, kipimo husoma presha ya maji na hakisemi lolote kuhusu chupa. Alipobonyeza kitundu cha upepo yalitoka maji, maana yake mpira ulikuwa umepasuka. Kama ungekuwa upepo pekee uliopungua, pampu ingetosha.

Chupa mpya ilisomeka bar 2.6 ingawa kibandiko kinasema 3, kwa hiyo fundi aliiongeza kabla ya kufungulia maji. Kitundu chake kiko chini, panapofikika kwa urahisi, jambo ambalo naliona bora kuliko rangi nzuri. Kishikizo cha ukutani, kwa upande mwingine, ni chembamba mno kwa chupa inayobeba maji.

Matone yalipungua lakini hayakuisha, hata wakati silinda imepoa. Chokaa ilikuwa imenasa kwenye kikalio cha vali baada ya kufunguka mara nyingi, na ndipo vali nayo ilipobadilishwa.