Uzoefu wangu na inveta ya wati 3,000 na betri ya lithiamu kwa mashine ya kufulia

Nimeutumia mfumo huu kwa miezi minane sasa. Ni inveta ya wati 3,000 ya volti 24, yenye kutoa wimbi laini, betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 na paneli nne za wati 300 kila moja. Mashine yangu ni ya kupakia nguo juu, ya kilo 8, na kibandiko chake cha nyuma kinataja wati 480. Kibandiko hicho ndicho kilichonipotosha mwanzoni.

Kabla ya hapo nilikuwa na inveta ya wati 1,000 na betri ya asidi ya volti 12, nikiamini kwamba wati 480 ni nusu tu ya uwezo wake. Nguo zilioshwa bila shida, lakini kila mashine ilipoanza kukamua taa zilififia, inveta ikapiga alamu, kisha kila kitu kikazimika. Nilipopima kwa mita ya kubana waya niliona kwamba mota ikishazoea mwendo huvuta ampea 2 hivi, ilhali inapoanza kuzunguka ikiwa na pipa zito la nguo zilizolowa, huvuta ampea 9 kwa muda mfupi sana. Kwa umeme wa volti 230, huo ni mzigo wa zaidi ya volti-ampea 2,000, yaani takribani mara nne ya ule wa kawaida.

Kosa halikuwa la inveta peke yake. Wakati wa kuanza kukamua, nguzo za betri zilisoma volti 11.6, lakini kwenye nguzo za inveta nilikuta volti 10.3, kiwango ambacho inveta hiyo hujizima ili kuilinda betri. Volti 1.3 zilikuwa zimepotelea kwenye waya mwembamba wa mita mbili na viungo vilivyolegea. Anayeona inveta yake ikizimika kwa alamu ya betri dhaifu ilhali betri imejaa, napendekeza apime sehemu hizo mbili kwa wakati mmoja kabla ya kununua chochote.

Katika kuchagua upya nilifuata kanuni moja: mkondo wa kuanzia wa mashine, ukijumlishwa na vyote vingine vinavyowaka, usizidi uwezo wa kudumu wa inveta. Kwangu ni 2,070 pamoja na 300 za jokofu na taa, ndiyo maana 3,000 inanitosha na kubaki. Sikutegemea ile namba kubwa ya 6,000 iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu inveta huweza kuibeba kwa kitambo kidogo tu. Kuhamia volti 24 nako kumesaidia sana, kwani kwa kazi ileile waya hubeba nusu ya mkondo wa awali.

Kuhusu betri, hesabu ilinishangaza. Mzunguko mmoja wa maji baridi hutumia takribani uniti 0.2, na betri yangu ina karibu uniti 2.5, hivyo kwa nishati peke yake betri ndogo zaidi ingetosha. Kinachoikataa betri ndogo ni mkondo: kidhibiti kilichomo ndani ya betri yangu kinaruhusu ampea 100, wakati ile ya ampea 50 niliyokuwa naifikiria ingeweza kukata umeme kila mashine inapoanza kukamua. Hesabu hizi zote ni za maji baridi. Mashine yenye hita ya wati 2,000 inahitaji mpango mwingine kabisa.

Mimi huanza kufua saa nne na nusu asubuhi na kumaliza kabla ya saa nane mchana. Katika saa hizo, jua likiwa wazi, paneli hutoa wati 800 hadi 900, kwa hiyo mashine huendeshwa na jua moja kwa moja na betri huongezea tu pale mota inaposhtuka kuanza. Nikifua jioni, mzigo wote huiangukia betri inayongojewa na jokofu usiku kucha. Pampu ya maji siiwashi mashine ikiwa inakamua, na blanketi silifui peke yake, kwa sababu uzito hulalia upande mmoja, mashine husimama na kuanza upya mara tatu au nne, na kila kuanza upya ni ampea 9 nyingine.

Lalamiko langu ni moja. Inveta hii hula wati 45 hata isipoendesha kitu, yaani zaidi ya uniti 1 kwa siku, ambayo ni sawa na kufua mara tano. Kwa sababu ya jokofu siwezi kuizima usiku, na paneli ya nne niliiongeza kwa ajili ya ulaji huo.