Tili, Pay Bill au mashine ya kadi? Nilivyozipanga baada ya kumnunia msichana wa watu

Siku mbili nzima nilimnunia msichana wangu wa dukani. Nauza leso na mitandio hapa Mombasa. Daftari lake lilisema Jumamosi kadi zimeingiza 18,000. Nikafungua akaunti ya benki: hakuna 18,000 popote. Jumatatu ikaingia 23,400, nambari isiyofanana na kitu chochote tulichouza.

Kumbe ilikuwa Jumamosi na Jumapili zimefungwa fundo moja, 18,000 na 6,000, kisha asilimia 2.5, yaani 600, ikakatwa kabla pesa haijanifikia. Nikaomba radhi. Tangu hapo, nikiulizwa mtu anunue huduma gani ya malipo, siulizi kasi wala urembo wa mashine. Nauliza: taarifa yake inaonyesha kila mauzo kwa mstari wake, na makato kwa mstari wake?

Ya kwanza: tili ya Lipa na M-PESA. Nina upendeleo na Safaricom hapa, sifichi. Mteja halipi ada. Mwenye duka anakatwa asilimia 0.55, na mauzo ya shilingi 200 kushuka chini hayakatwi. Hapo kwenye 200 ndipo wengi hupotea. Chukua siku moja yangu: doti 14 za leso kwa 1,200 na mitandio 30 kwa 200, jumla 22,800. Nilipiga asilimia 0.55 ya jumla yote nikapata 125.40, lakini makato halisi yalikuwa 92.40. Nikakaa natafuta 33 zilizozidi, hadi msichana wangu akaniuliza, "Mama, umehesabu na mitandio?" Mitandio haikatwi. Makato ni ya zile 16,800 za leso tu, 6.60 kwa kila doti.

Ukiwa na bidhaa za bei moja kama mimi, usilinganishe kwa kiasi. Doti 14 ni malipo 14 ya 1,200, utajuaje ni lipi limekosa? Kila malipo ya M-PESA yana msimbo wake wa herufi na tarakimu kumi. Sisi tunaandika nne za mwisho kando ya mauzo kwenye daftari, lenye safu tatu: taslimu, tili, kadi. Jioni nashusha taarifa ya tili, natia alama msimbo mmoja baada ya mwingine. Msimbo ulio daftarini lakini haumo kwenye taarifa maana yake mtu alionyeshwa ujumbe wa uongo kwenye simu ya mteja, akakubali. Ulio kwenye taarifa lakini haumo daftarini, mauzo hayakuandikwa. Ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo ujumbe wa kuthibitisha uingie kwenye simu iliyopo kaunta. Ukiwa na simu hiyo wewe, nawe uko Nyali, umemwachia msichana asome skrini ya mteja.

Ya pili: Pay Bill. Mteja anaandika nambari ya akaunti, nawe unampa ya oda yake, hivyo malipo yanakuja yakiwa na jina la kazi. Kwa leso za harusi, ambazo watu hulipa kidogo kidogo, hakuna inayoishinda. Kwa foleni ya Jumamosi inachosha: kila mtu anauliza, "Niandike nini hapo?"

Ya tatu: mashine ya kadi. Chukua kama wateja wako ni watalii. Kila jioni funga hesabu ya mashine na uchapishe karatasi ya jumla, uibane kwenye ukurasa wa siku hiyo. Benki ikiingiza fundo, jumlisha karatasi za siku husika, toa asilimia yako, ndipo ulinganishe. Bila karatasi hizo huna cha kushika.

Na aliyeniuzia, Mungu anamwona. Alikunywa chai yangu akisema "asilimia mbili na nusu tu, mama." Kodi ya mashine ya kila mwezi, 1,500, sikuisikia mpaka nilipoiona imekatwa. Mwezi wa mvua tuliingiza 20,000 kwa kadi: ada 500, kodi 1,500. Hiyo ni asilimia kumi! Nilipompigia alisema iko kwenye mkataba. Ni kweli iko, ukurasa wa sita.

Ya mwisho: Pochi la Biashara. Wewe hukatwi kupokea, lakini mteja analipa ada ya kutuma kama anavyomtumia mtu mwingine. Kwa leso ya 1,200 ni shilingi 23, na wateja wangu wanataka nizipunguze kwenye bei. Kwa muuza mahamri wa shilingi kumi kumi, sawa.

Mashine bado ninayo. Iko chini ya kaunta, na mwezi huu nao wamekata 1,500.