Fila chini ya macho: siku nilizojipa na vipodozi nilivyotumia kuficha alama

Nimechomwa fila, ile sindano ya kujaza mabonde ya usoni, chini ya macho mara mbili, kwa daktari yuleyule na kwa dawa ya aina ileile, asidi ya hayaluroniki. Mara ya kwanza nilikwenda siku 5 kabla ya kupigwa picha za kazini. Mara ya pili nilikwenda wiki 4 kabla ya harusi ya mdogo wangu. Kazi ya sindano ilikuwa nzuri mara zote. Tofauti ilikuwa siku nilizojipa, na juu ya hilo kliniki iliniambia sentensi moja tu: "Kesho utarudi kazini."

Kurudi kazini kweli unaweza, maana maumivu ni kidogo. Ila uso wako hautakuwa umerudi. Fila hii huvuta maji, na ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba mno, kwa hiyo uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, wakati wewe unatarajia uwe unapungua. Asubuhi ni mbaya zaidi, kwa sababu ukilala maji hukusanyika usoni. Mara ile ya kwanza niliamka siku ya tatu jicho la kushoto limejaa kuliko la kulia, na juu ya shavu damu imevilia, zambarau inayokaribia weusi. Siku ya picha nilipaka konsila nyepesi kuliko rangi yangu, nikadhani nimeshinda. Picha zilipotoka, alama haikuonekana kabisa, lakini pale pamevimba palikuwa pametokeza kama mfuko. Rangi nyepesi huvutia mwanga, na mwanga huinua kila kilichovimba. Vipodozi huficha rangi, uvimbe haviufichi. Ndiyo maana siku hizi nahesabu kalenda kwa uvimbe kwanza, alama ya damu baadaye.

Mara ya pili niliuliza mapema. Daktari aliniambia nisinywe aspirini wala ibuprofeni kwa wiki moja kabla, niache pia vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E, na nisiguse pombe kuanzia siku moja kabla, kwa sababu vyote hivyo hufanya damu ivuje kirahisi. Akasisitiza kwamba anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa maelekezo ya daktari wake wa moyo asiiache kwa ajili ya urembo. Azungumze na daktari huyo kwanza. Safari hii alitumia kanula, ile sindano yenye ncha butu, ambayo mara nyingi huisukuma mishipa pembeni badala ya kuitoboa. Haizuii alama moja kwa moja. Mimi nilipata moja, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Siku ya kwanza sikupaka chochote. Matundu ya sindano ni milango iliyo wazi, na vipodozi vina vijidudu hata vikionekana safi, kwa hiyo nilisubiri saa 24 kamili. Niliweka kitambaa chenye barafu ndani, dakika 10 kisha napumzika, bila kukandamiza, maana fila bado ni laini na inaweza kusogea. Nililala chali juu ya mito miwili.

Siku ya pili asubuhi nilianza na jambo ambalo sasa nalifanya kila mara: nilisimama dirishani uso mtupu na kuuangalia kabla ya kufungua kopo lolote. Alama ya kawaida ya damu inauma kidogo ukiigusa na haizidi kuuma. Lakini fila ikiingia ndani ya mshipa au kuubana, damu haifiki kwenye ngozi. Hapo maumivu huongezeka, ngozi hupauka, na kwetu wenye ngozi nyeusi huwa kama kijivu, kisha hutokea michirizi ya zambarau iliyosukana kama wavu. Ukibonyeza taratibu na kuachia, rangi huchelewa kurudi. Hilo halisubiri kesho: unampigia daktari saa hiyohiyo, kwa kuwa ipo sindano ya kuiyeyusha fila hii, na kila saa ina maana. Ukiona ukungu, vitu viwiliviwili au giza jichoni, ni hospitali ya dharura papo hapo. Aliyejipaka faundesheni alfajiri bila kujitazama anaweza kuficha dalili hizi machoni pake mwenyewe. Joto, wekundu unaosambaa, usaha au homa baada ya siku chache nazo ni za daktari.

Nilipojiridhisha, nilipaka. Alama ilikuwa ya samawati, na kinachoua samawati kwenye ngozi ya kahawia kama yangu ni rangi ya machungwa. Ngozi nyeusi sana huhitaji machungwa inayoelekea wekundu, na ngozi nyeupe hutosheka na rangi ya pichi. Nilichota kidogo kwa kijiti safi, nikaweka kwenye kibao, nikapaka juu ya alama tu, si juu ya eneo lote lililovimba. Nilipapasa kwa sponji mpya, bila kuvuta. Kisha faundesheni ya rangi yangu halisi, tabaka jembamba, na poda isiyong'aa. Tabaka nene hujikunja kwenye uvimbe ndani ya saa mbili, na unaishia kuonyesha ulichotaka kuficha.

Kufikia siku ya sita alama ilikuwa imegeuka kijani chenye njano, kwani mwili huivunja damu iliyovuja na rangi yake hubadilika hatua kwa hatua. Niliendelea na machungwa kwa mazoea, uso ukawa kama una matope. Niliiacha, nikabaki na faundesheni peke yake, ikatosha. Siku ya 12 sikuiona tena. Uvimbe wa asubuhi, ule mdogo ambao labda ni mimi tu niliyeuona, uliendelea hadi kama wiki ya tatu. Kama kuna ubluu uliokaa palepale wiki nyingi bila kugeuka rangi, hiyo huenda si damu; huenda ni fila iliyowekwa juu mno chini ya ngozi, na dawa yake ni daktari, si konsila.

Usiku wa kutoa vipodozi ndio niliokuwa mwangalifu zaidi. Mafuta ya kusafishia, nasubiri yayeyushe, kisha maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, bila kusugua. Mchana nilipaka kinga ya jua, kwa kuwa ngozi yetu ikichokozwa huacha doa jeusi linalokaa kuliko alama yenyewe.

Shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji wa kope akataka kufuata ratiba yangu, nikamkataza. Yeye alikuwa na mshono. Nyuzi zake zilitolewa siku ya saba, na daktari wake hakumruhusu kupaka kitu kwenye mstari wa kidonda hadi ulipofunga kabisa, siku ya 14. Alama zilizoshuka mashavuni, mbali na mshono, aliruhusiwa kuzifunika mapema zaidi.

Huduma naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu karatasi niliyopewa ilitaja barafu na mito, lakini haikutaja ngozi inayopauka wala namba ya kupiga usiku. Mara ya pili niliiomba namba hiyo kabla ya kukaa kitini.