Saa ya wakala rasmi au ya muuzaji wa pembeni? Mpangilio wangu, wa kwanza hadi wa mwisho

Muuzaji wa pembeni si muuza feki, ingawa watu wengi huwachanganya. Saa yake ni halisi na imetoka kiwanda kilekile. Tofauti iko kwenye njia iliyopita. Wakala rasmi akilemewa na mzigo usiotoka, huuachia kimyakimya kwa bei ya jumla, nao ndio huo unaoukuta Deira kule Dubai, au mtandaoni, ukiwa umepunguzwa bei sana. Kinachopotea njiani mara nyingi ni waranti ya kiwanda.

Mimi nililipa ada ya somo hilo. Saa ya otomatiki ya Uswisi, kwa wakala dola 700, nikaipata pembeni kwa 450. Mwezi wa nane ikaanza kusimama usiku, hata kama nimeshinda nayo mkononi. Kwenye kituo cha huduma yule dada akaigeuza kadi yangu ya waranti mara mbili. Namba ya saa ilikuwepo, lakini pa tarehe na pa muhuri wa duka palikuwa peupe. Akanirudishia kadi pamoja na makadirio ya matengenezo: dola 280. Nilichookoa kikaisha, nikaongeza 30.

Utasema ningempelekea fundi wa mtaani. Kufungua na kusafisha anaweza, kasheshe ni vipuri. Swatch Group, wenye Omega, Longines na Tissot, walifunga mwisho wa 2015 mlango wa kuuzia vipuri vyao kwa wauza vipuri wa jumla. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: je, punguzo ninalopewa linazidi gharama ya matengenezo makubwa ya mara moja? Kwangu lilipungua kidogo tu, nami sikuwa nimeuliza kabla.

Namba moja namweka wakala rasmi, hasa kwa saa ya bei kubwa. Omega na Rolex hutoa waranti ya miaka 5, Tissot miaka 2. Jina la duka litafute kwenye tovuti ya kampuni ya saa yenyewe, usiridhike na bango la mlangoni. Na omba punguzo. Mawakala wengi wanaouza chapa mbalimbali hupunguza ukiuliza kwa adabu, na hapo pengo na bei ya pembeni huwa dogo kuliko ulivyodhani. Ila waranti haigusi kioo kilichopasuka, mkanda uliochakaa wala betri, na saa iliyoingia maji kwa sababu uliacha kitufe cha pembeni wazi ni mzigo wako.

Namba mbili ni muuzaji wa pembeni mwenye kadi iliyojazwa yote na wakala wa nchi nyingine. Hii ni bahati, usiiache, lakini soma tarehe. Waranti huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, hata kama umenunua leo. Tissot yenye kadi ya miezi 14 iliyopita imekubakishia miezi 10 tu. Linganisha pia namba ya kadi na ile iliyochongwa kwenye saa, tarakimu moja moja.

Namba tatu ni yule anayetoa waranti yake mwenyewe. Kwa saa za kati, kama Seiko za kawaida, namkubali bila wasiwasi sana. Muulize kabla ya kulipa: saa inatengenezwa wapi, nani analipia kuisafirisha, na ikirudi nani anashughulika na forodha? Waranti ya miaka 3 inayokutaka uitume saa Marekani kutoka Mwanza kwa gharama yako ni karatasi tu. Mtandaoni, pendelea jukwaa linaloshikilia pesa hadi uipokee saa, kama inavyofanya Chrono24.

Mwisho kabisa, na hapa hata bei ya kutupa hainishawishi, ni saa ambayo namba yake imekwanguliwa. Wengine huikwangua ili kampuni isijue ni wakala gani aliyeuvujisha mzigo. Ipeleke kituo rasmi na wanaweza wasiiguse hata ukitoa pesa, na siku ya kuiuza mnunuzi atajiuliza kama ni ya wizi.

Rolex ina hesabu yake. Zile zinazogombaniwa, kama Daytona ya chuma, kwa wakala zina foleni, na pembeni huuzwa juu ya bei ya dukani. Hapo hununui punguzo, unanunua kutosubiri.

Na ukitaka Casio ya betri ya kuvaa shambani, yote haya yasikusumbue. Hakikisha si feki, lipa, uondoke.