Siagi au mafuta kwenye keki: nini kinabadilika

Mapishi ya Kimarekani hupima siagi kwa vipande. Kipande kimoja ni gramu 113, yaani nusu kikombe au vijiko vikubwa 8. Ukiwa na mizani, tumia gramu, kwa sababu siagi ngumu ikishindiliwa kikombeni huacha mapengo ya hewa na kipimo hupungua.

Kosa la kawaida ni kumimina nusu kikombe cha mafuta badala ya kipande hicho. Siagi ina mafuta takriban asilimia 80 tu; sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwa hiyo gramu 113 za siagi zina mafuta kama gramu 90, ambazo ni vijiko vikubwa 6 na nusu vya mafuta ya maji. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa kufidia yale maji. Ukizidisha mafuta, keki hutoka nzito na huacha mafuta mkononi.

Siagi laini ikipigwa na sukari hushika hewa, na hewa hiyo husaidia keki kuumuka. Mafuta hayashiki hewa hivyo, basi keki hutegemea zaidi baking poda na mayai. Hata hivyo, mafuta hayagandi keki ikipoa, ndiyo maana keki yake hubaki laini hata kesho yake. Kwa keki ya chokoleti au karoti mimi huchagua mafuta bila kusita. Kwa keki ya vanila, ambayo ladha yake ni siagi yenyewe, sibadilishi.